Ankara imekuja na akaunti mpya, bosi anataka ilipwe leo

Shikamoo Mzee wa Hesabu,

Mimi ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Tunaagiza marumaru kutoka kiwanda kimoja cha Foshan, China, huu ni mwaka wa tatu. Ankara ya safari hii ni dola 38,400. Advansi ya asilimia 30 tulishalipa, kontena liko baharini, sasa tunatakiwa kumalizia dola 26,880 ndipo watuachie hati za mzigo. Jana imeingia barua pepe yenye ankara na akaunti mpya. Wanasema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi wa mwaka. Barua imekuja chini ya mazungumzo yetu yaleyale, ina nembo na muhuri mwekundu wa kampuni, na namba ya kontena ni sahihi. Nikapiga simu iliyoandikwa kwenye ankara, mtu akapokea, akasema ni sawa, lipeni. Bado nasita. Bosi anasema nikichelewesha tutatozwa gharama za kontena bandarini. Nifanyeje?

Mhasibu, Dar es Salaam

---

Marahaba, mwanangu.

Leo usilipe. Na barua ile usiijibu, hata kwa kuuliza tu kama ni ya kweli. Kama aliyeiandika ni tapeli, swali lako litamfikia yeye, naye atakujibu upesi na kwa adabu kuliko kiwanda chenyewe kinavyojibu siku zote. Simu uliyopiga nayo ihesabu kuwa haikupigwa. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi unayoishuku ni mali ya yule aliyeiandika karatasi hiyo, kwa hiyo ulichofanya ni kumuuliza mtuhumiwa kama yeye ndiye.

Tuanze na bosi, maana najua ndiye anayekukalisha roho juu. Mwambie kwamba gharama za kuchelewesha kontena hazianzi kuhesabiwa likiwa baharini. Huanza baada ya meli kushusha mzigo na siku za bure kwisha. Mwombe wakala wenu wa forodha akupe tarehe ya meli kufika, uiweke mezani kwake. Kama meli bado ina wiki moja au mbili, kuthibitisha akaunti kwa siku moja hakumgharimu hata senti. Tapeli anayafahamu haya yote, na ndiyo maana barua yake imekuja sasa. Angeileta wakati wa advansi mngekuwa na nafasi ya kuulizana maswali. Amengoja mzigo uondoke, hati zikawa mkononi mwa muuzaji, nyinyi mkabaki na haraka.

Unashangaa amejuaje namba ya kontena. Ameisoma mahali ulipoisoma wewe. Wizi wa aina hii kwa kawaida huanza kwa mtu mmoja, kwenu au kiwandani, kuingiza neno lake la siri kwenye ukurasa feki unaofanana na ule wa kufungulia barua pepe. Tangu siku hiyo mwizi huingia kwenye sanduku lenu na kusoma kimyakimya. Anajua mnavyosalimiana, anajua masharti yenu ya 30 kwa 70, anazo ankara za zamani zenye nembo na muhuri wa kunakili. Muhuri mwekundu kwenye faili la PDF ni picha tu, mtu yeyote mwenye nakala yake anaubandika popote anapotaka. Kwa hiyo usahihi wa namba ya kontena hauthibitishi kwamba barua imetoka kiwandani. Unathibitisha tu kwamba mwandishi ameyaona mazungumzo yenu.

Sasa kazi yenyewe. Fungua faili la ankara ya advansi, ile mliyoilipa na kiwanda kikakiri kupokea, au mkataba wa mwaka wa kwanza, au kadi ya biashara bosi aliyorudi nayo kutoka Guangzhou. Toa namba ya simu humo. Simu za mezani za Foshan huanza na +86 757, na kama ofisi ya kiwanda ina simu ya mezani, anza na hiyo. Vinginevyo tumia WeChat ile mnayochatia na muuzaji tangu zamani, ila piga kwa video umwone uso, usiandike ujumbe. Kumbuka China iko mbele yetu kwa saa tano. Wao wakifunga ofisi saa kumi na moja jioni, kwako ni saa sita mchana. Ukingoja mpaka umalize kula ndipo upige, utakuta wameondoka, na bosi atapata sababu ya kusema tulipe tu.

Ukimpata, namna ya kuuliza ni muhimu kama kupiga kwenyewe. Watu wengi husoma akaunti mpya kwa sauti kisha wanauliza, "Ndiyo hii?" Muuzaji aliye bize, ambaye hata hakusikia vizuri, anajibu ndiyo. Fanya kinyume chake. Mwambie unajiandaa kumalizia malipo, na unaomba akusomee yeye jina la akaunti, namba ya akaunti na jina la benki kutoka kwenye kumbukumbu zake. Wewe nyamaza, andika. Akimaliza, linganisha na ankara zote mbili. Akikusomea ile ya zamani, jibu umeshalipata, na hapo ndipo umwambie kuna barua yenye akaunti nyingine. Akikusomea mpya, bado mwombe akuunganishe na mtu wa uhasibu wa kiwanda, kwa sababu imewahi kutokea mwuzaji mwenyewe ndiye anayegeuza malipo ya kampuni kuingia mfukoni mwake.

Na ukitaka kumpima kama ni yeye kweli, usimuulize advansi ililipwa lini au kontena lina maboksi mangapi. Hayo yamo kwenye barua pepe. Muulize jambo lisilowahi kuandikwa, mathalani lile boksi la sampuli lililofika limevunjika kona na jinsi mlivyolimaliza kwa simu.

Wakati unangoja saa za ofisi yao, ichunguze barua yenyewe, ila ujue mipaka ya uchunguzi huo. Angalia anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, hasa sehemu inayofuata alama ya @. Tuseme kiwanda siku zote kinatumia `mauzo@example.com`. Barua feki inaweza kutoka kwa `mauzo@exarnple.com`, ambapo herufi m imebadilishwa ikawa r na n zilizokaribiana. Kwenye simu ya mkononi huioni tofauti hiyo, na mara nyingi programu inaonyesha jina tu bila anwani. Fungua kwenye kompyuta. Kama mnatumia Gmail, bonyeza nukta tatu zilizo kwenye barua, uchague `Show original`. Tafuta mstari wa `Reply-To`. Ukikuta barua imetoka anwani moja lakini majibu yanaelekezwa kwenye anwani nyingine, hapo pana jambo. Huohuo ukurasa utakuonyesha vipimo vya uhalali wa mtumaji, `SPF`, `DKIM` na `DMARC`, na pengine zote zimeandikwa `PASS`. Usije ukachukua hiyo `PASS` ukampelekea bosi kama cheti. Inasema tu kwamba barua kweli imetumwa kwa idhini ya jina lile linalofuata alama ya @. Tapeli aliyeisajili `exarnple.com` kwa pesa yake atapata `PASS`. Na tapeli aliyeingia kwenye sanduku halisi la kiwanda atapata `PASS` pia, kwa sababu anatuma kutoka ndani. Kwa hiyo ukiona kasoro kwenye barua, umemkamata. Usipoiona, hujathibitisha kitu, na simu bado inabaki palepale.

Kisha soma taarifa za benki kama mtu wa benki anavyozisoma. Nimekaa miaka mingi dawati la malipo ya nje, na kitu cha kwanza tulichokiangalia ni msimbo wa SWIFT. Una herufi 8 au 11. Nne za mwanzo ni za benki, na mbili zinazofuata, yaani ya tano na ya sita, ni za nchi. Benki ya China itakuwa na CN hapo. Ukikuta PL, hiyo ni Poland. Ukikuta GB, ni Uingereza. Jiulize kiwanda cha marumaru cha Foshan kinafanya nini na akaunti Poland. Kadhalika ukiona wamekupa IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa: China haitumii IBAN, kwa hiyo IBAN yoyote inakwambia pesa haziendi China bara, na herufi mbili za mwanzo zinakuonyesha zinakokwenda. Usidanganyike na ile mifumo ya mtandaoni inayokubali IBAN kuwa ni sahihi. Tarakimu mbili za ukaguzi zilizomo zinapima tu kama namba imechapwa bila kukosewa, hazijui mwenye akaunti ni nani.

Hapo pana mtego mmoja, nisikufiche. Msimbo wenye HK, yaani Hong Kong, haumaanishi utapeli moja kwa moja. Viwanda vingi vya China bara hupokea dola kupitia kampuni dada iliyosajiliwa Hong Kong, na jina la kampuni hiyo linaweza kutofautiana kidogo na la kiwanda. Matapeli nao wanaipenda Hong Kong kwa sababu hiyohiyo. Hapo macho hayatakusaidia, ni simu tu.

Kuna anayefikiri benki itamlinda: kama jina halilingani na namba, pesa zitarudi. Usiitegemee. TT yako, yaani malipo unayotuma nje kupitia benki, ikitoka Dar, inakwenda kama ujumbe wa SWIFT ukiwa na jina la mpokeaji na namba ya akaunti yake, lakini benki nyingi za upande wa pili huingiza pesa kwa kufuata namba. Mfumo ukikuta namba ipo na iko hai, pesa zinaingia, hata kama jina ulilojaza ni la kiwanda na akaunti ni ya mtu mwingine kabisa. Nchi zinazotumia yuro zimeanza kulazimisha benki kulinganisha jina na IBAN tangu Oktoba 2025, lakini hilo ni la malipo ya yuro huko kwao, halikuhusu wewe unayetuma dola China.

Na hata jina likilingana, haitoshi. Hili mwoneshe bosi kama anaona unamchelewesha kwa woga wa kike, maana najua ataligeuza hivyo. Kati ya 2013 na 2015, Mlithuania mmoja aitwaye Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni Latvia kwa jina lilelile la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa Google na Facebook. Akafungua akaunti za benki Latvia na Cyprus kwa jina hilo, yeye na wenzake wakatuma barua na ankara, na kampuni hizo mbili zikalipa zaidi ya dola milioni 120. Mwaka 2019 mahakama ya New York ikampa kifungo cha miaka mitano. Google na Facebook hawakukosa wataalamu wa kompyuta. Jina kwenye akaunti lilikuwa sahihi, muuzaji alikuwa wa kweli, deni lilikuwa la kweli. Kilichobadilika ni nchi ya benki.

Watu wengine watakushauri utume kwanza dola 100 za majaribio. Si ushauri mbaya, lakini wengi wanaukosea mwishoni. Wanatuma, kisha wanauliza kwa barua pepe, "Mmepata?" Tapeli anajibu, "Tumepata, asanteni, malizieni," na ni kweli amepata. Jaribio lina maana pale tu muuzaji anapokutajia kwa simu ile ya zamani kiasi kamili kilichoingia kwake, bila wewe kumwambia umetuma kiasi gani.

Likipita hili, wekeni utaratibu ofisini, usikae kichwani mwako wewe peke yako. Kila muuzaji awe na faili lake: jina la akaunti, namba, msimbo wa SWIFT, na namba za simu zilizochukuliwa siku ya mkataba. Malipo yote yatoke kwa taarifa za faili, si za ankara iliyoingia leo. Akaunti ikibadilika, mtu mmoja apige simu na kuandika alizungumza na nani, saa ngapi, kwa namba ipi, asaini. Mtu wa pili ndiye abadilishe akaunti kwenye mfumo wa benki, baada ya kuiona karatasi hiyo. Mifumo ya benki ya mtandaoni tayari ina nafasi mbili, anayeandaa malipo na anayeidhinisha. Tatizo la maduka yetu ni kwamba neno la siri la bosi analo mhasibu, kwa hiyo nafasi mbili zinakaliwa na mtu mmoja. Mrudishie bosi neno lake la siri, alibadilishe, aidhinishe mwenyewe kwa simu yake. Naye asiruhusiwe kuruka karatasi ya uthibitisho kwa kuwa ni bosi, kwa sababu barua feki inayofuata huenda ikaja kwa jina lake, ikikuagiza ulipe haraka yeye akiwa safarini.

Mkataba mpya na kiwanda nao uwe na sentensi moja: mabadiliko ya akaunti hayatambuliki mpaka yathibitishwe kwa simu kwenye namba zilizotajwa humo. Hilo linasaidia siku ya ugomvi. Mkilipa tapeli, kiwanda bado kitadai dola 26,880 zake na hati za mzigo zitabaki kwake, hata kama sanduku lililodukuliwa ni la kwao. Bila sentensi hiyo mtabishana mpaka siku za bure bandarini ziishe kweli.

Nawe leo hii kagua sanduku lenu, kwa sababu hatujui mwizi amekaa upande upi. Kwenye Gmail ingia `Settings`, ufungue `Filters and Blocked Addresses` na `Forwarding and POP/IMAP`. Unatafuta amri usiyoiweka wewe, kwa mfano inayosema barua yoyote kutoka kiwandani ipelekwe kwenye kumbukumbu au ipelekwe nakala kwa anwani ngeni. Wezi hupenda kuficha barua halisi za muuzaji kwa njia hiyo, ili wewe uone zao tu. Ukiikuta, ipige picha kwanza ndipo uifute, badilisha neno la siri, ondoa vifaa vyote vilivyounganishwa, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kiwanda nacho uwaambie wakague kwao, kwa simu.

Kama kuna msomaji mwingine ambaye yeye ameshalipa, asingoje kuandika barua kwangu. Nenda benki sasa hivi, uombe malipo yarudishwe kwa sababu ya utapeli, neno hilo la utapeli liandikwe kwenye ombi. Beba nakala ya ujumbe wa SWIFT, karatasi wanayokupa baada ya TT, iliyozoeleka kuitwa MT103. Ndani yake kuna namba ya ufuatiliaji, `UETR`, yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, na kwa namba hiyo benki inaweza kuona pesa zimefika wapi. Kama bado ziko njiani kwenye benki ya kati, zinaweza kuzuiwa. Zikishaingia kwenye akaunti ya tapeli, benki ile kwa kawaida haiwezi kuzitoa bila ridhaa ya mwenye akaunti au amri ya vyombo vya sheria, na yeye huwa anazihamisha siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo pia fungua jalada polisi, kitengo cha makosa ya mtandao, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa sababu benki ya ng'ambo itauliza kama kuna taarifa ya polisi. Barua feki usiifute. Iache ilivyo kwenye sanduku, kwa kuwa ukiisambaza kwa kuwatumia wengine, taarifa za mtumaji zilizokuwa kichwani mwake hazifuatani nayo.

Wewe bado una pesa zako benki, kwa hiyo kazi yako ya kesho ni moja: saa mbili asubuhi, kabla duka halijajaa, Foshan ni saa saba mchana. Wape muda warudi kutoka chakula, upige.